Umbo sanifu la Greibach: namna otomata yenye rundo inavyoacha kupiga hatua bila kusoma

Otomata yenye rundo ni mashine ya kinadharia inayoamua kama neno linakubaliwa au la: husoma neno kutoka kushoto kwenda kulia, herufi moja baada ya nyingine, na wakati ikisoma huweka na kuondoa alama kwenye rundo ambalo alama yake ya juu kabisa ndiyo pekee inayoonekana. Kwa ufafanuzi wake wa kawaida, otomata hii inaruhusiwa pia kupiga hatua bila kusoma chochote: inaitazama alama iliyo juu ya rundo, inaiondoa, inaweka nyingine mahali pake, na katika neno haisogei hata herufi moja. Hatua ya namna hiyo huitwa hatua ya epsiloni, kwa kuwa katika jedwali la otomata, pale ambapo ingeandikwa herufi inayosomwa, huandikwa ε, yaani neno tupu.

Ruhusa hiyo inarahisisha sana kazi ya mtu anayeijenga otomata, lakini inaleta tatizo ambalo haliwezi kupuuzwa. Tuchukue sarufi ndogo isiyotegemea muktadha, yaani orodha ya kanuni ambazo kila moja inabadilisha kigeu kimoja kuwa mfuatano wa alama bila kujali kilicho kando yake, inayozalisha hesabu za kujumlisha zenye mabano:

```
E → E + T
E → T
T → ( E )
T → a
```

Vigeu vyake ni viwili, E na T, na kila kinachobaki, yaani a, alama ya kujumlisha na mabano mawili, nitakiita herufi, kwa sababu ndicho kinachosomwa katika neno. Sarufi hii inazalisha maneno kama a, a+a, (a) na a+(a+a). Njia iliyozoeleka ya kuigeuza iwe otomata ni hii: rundo linaanza likiwa na E peke yake, kila mara kigeu kinapokuwa juu ya rundo, otomata hukibadilisha kwa upande wa kulia wa mojawapo ya kanuni zake bila kusoma chochote, na kila mara herufi inapokuwa juu ya rundo, otomata huisoma katika neno na kuiondoa. Neno linakubaliwa ikiwa ipo njia mojawapo ambayo kwayo neno linaisha na rundo linabaki tupu kwa wakati mmoja.

Njia hii ni sahihi kabisa kimantiki, ila ukiiandika kama programu inayofuata kila njia mpaka mwisho wake kabla ya kujaribu nyingine, huenda isitoe jibu kamwe. Otomata inaanza na E, inaibadilisha kuwa E+T, juu ya rundo inakuta tena E, inaibadilisha, na rundo linakuwa E+T+T, kisha E+T+T+T, na kuendelea bila kikomo, huku hata herufi ya kwanza ya neno haijasomwa. Kurefuka kwa rundo hakutuambii chochote kuhusu neno, na urefu wa neno peke yake hautuwekei kikomo cha hatua. Kwa hiyo, kwa neno lisilo la lugha, yaani lisilozalishwa na sarufi, mashine hii haina namna ya kujua kwamba imekwisha kujaribu vya kutosha.

Mwaka 1965 Sheila Greibach, Mmarekani aliyebobea katika nadharia ya lugha rasmi, alichapisha katika jarida la Journal of the ACM uthibitisho unaoliondoa tatizo hilo kutoka kwenye mzizi wake. Alionyesha kwamba kila sarufi isiyotegemea muktadha, ambayo haizalishi neno tupu, inaweza kuandikwa upya ili kila kanuni yake iwe na umbo moja tu:

```
A → a B1 B2 ... Bk
```

Upande wa kulia unaanza na herufi moja, na baada yake hufuata vigeu tu, ambavyo vinaweza kuwa vingi, kimoja, au visiwepo kabisa. Lugha inabaki ileile. Kinachobadilika ni sarufi inayoizalisha. Hilo ndilo umbo sanifu la Greibach.

Mambo mawili yanafuata mara moja, na karibu kila faida ya umbo hili inatokana nayo. La kwanza ni kwamba kila matumizi ya kanuni yanatoa herufi moja, si zaidi na si pungufu, na kwa hiyo neno lenye herufi n huzalishwa kwa hatua n kamili. La pili, ambalo mara nyingi husahaulika, ni kwamba kila kigeu ni deni la herufi moja au zaidi, kwa kuwa hakuna kigeu kinachoweza kutoweka bila kutoa herufi.

Tuigeuze sasa sarufi yetu. Kabla ya yote hakikisha kwamba hakuna kanuni inayomfanya kigeu azalishe neno tupu, kwa sababu kanuni kama hizo zikiachwa, hatua zinazofuata hazitaleta matokeo sahihi. Sarufi yetu haina kanuni hizo, na hivyo tunaweza kuanza. Kanuni za T tayari zinaanza na herufi. Kasoro yake pekee ni bano la kufunga lililo katikati ya `( E )`, ambalo si kigeu, na dawa yake ni kuunda kigeu kipya K chenye kanuni moja tu, `K → )`, kisha kukiweka mahali pa bano hilo.

Ugumu wenyewe uko kwenye E, kwa kuwa kanuni yake ya kwanza inaanza na E yenyewe. Huo ndio ujirejeo wa kushoto, na ndio ulioizungusha otomata yetu bila mwisho. Ukiitazama kanuni hiyo kwa makini utaona kwamba, hata irudiwe mara ngapi, E lazima mwishowe igeuke T kwa kanuni ya pili, na kwamba kila marudio yameongeza `+ T` upande wa kulia. E basi ni T moja, inayofuatwa na mkia wa `+ T` kadhaa, au bila mkia wowote. Tunaupa mkia huo kigeu chake, R, na kuandika:

```
E → T
E → T R
R → + T
R → + T R
```

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kila kitu kimeandikwa mara mbili, pamoja na mkia na bila mkia. Tungeweza kuandika `E → T R` peke yake na kumruhusu R azalishe neno tupu, na sarufi ingekuwa fupi zaidi; lakini tungekuwa tumezirudisha zile kanuni tupu tulizozikataa tangu mwanzo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea wakati mtu anafanya kazi hii kwa mkono: anaandika `E → T R` na kusahau `E → T`, au anaandika `R → + T R` na kusahau `R → + T`. Kosa la kwanza linajidhihirisha upesi, maana neno fupi kuliko yote, a, halizalishwi tena. La pili ni baya zaidi, kwa sababu R inakuwa na kanuni inayojirejea bila njia yoyote ya kumalizikia, na maneno yote yenye alama ya kujumlisha yanapotea. Kwa hiyo, baada ya kuigeuza sarufi yoyote, jaribu kwanza maneno yake mafupi; hapa a, (a) na a+a yanatosha kuyafichua makosa yote mawili.

Hatua ya mwisho ni kuiondoa T inayoongoza kanuni za E, kwa kuweka mahali pake kila upande wa kulia wa T. Matokeo ni haya:

```
E → ( E K
E → ( E K R
E → a
E → a R
R → + T
R → + T R
T → ( E K
T → a
K → )
```

Kanuni nne zimekuwa tisa, na zote zinaanza na herufi. Kwa sarufi yenye vigeu vingi, kazi ni hiyohiyo ila inahitaji mpangilio: vigeu hupewa namba, kila kanuni inayoanza na kigeu cha namba ndogo kuliko mwenye kanuni hupanuliwa kwa kukiingiza kigeu hicho, ujirejeo wa kushoto huondolewa kila unapojitokeza, na mwishowe mtu hurudi nyuma kutoka kigeu cha namba kubwa kabisa, ambacho sasa kanuni zake zinaanza na herufi, akiingiza kimoja kimoja hadi cha kwanza. Namba zinahitajika ili kuhakikisha kwamba kazi ya kuingiza inafika mwisho na hairudi kwenye mduara.

Kuipata otomata kutoka kwenye sarufi hii hakuhitaji ujenzi wowote mgumu. Hali, yaani kumbukumbu ndogo ambayo otomata huibeba nje ya rundo, ni moja tu, na rundo linaanza na E. Kila kanuni `A → a B1 ... Bk` inasomwa kama amri: ukiwa na A juu ya rundo, na herufi inayofuata katika neno ikiwa a, isome, mwondoe A, na mahali pake weka B1 hadi Bk, B1 akiwa juu. Jedwali zima la otomata yetu ni hili, ambapo alama ya juu ya rundo imeandikwa kwanza, na kistari kinamaanisha kwamba alama hiyo inaondolewa bila kuwekewa mbadala:

```
E, (   →  E K   au  E K R
E, a   →  -     au  R
R, +   →  T     au  T R
T, (   →  E K
T, a   →  -
K, )   →  -
```

Hakuna mahali popote katika jedwali hili ambapo otomata inabadilisha rundo bila kusoma herufi. Uamuzi ambao awali ulifanywa kimyakimya, wa kuchagua kanuni ya kutumia kwa kigeu kilicho juu, sasa unafanywa pamoja na kusoma herufi, na herufi hiyo yenyewe inasaidia kuchagua: E ikikutana na alama ya kujumlisha, kwa mfano, hakuna amri inayofaa, na njia hiyo inakufa papo hapo.

Tulifuatilie neno a+(a+a), lenye herufi saba. Kwa kuwa baadhi ya mistari ya jedwali ina machaguo mawili, otomata haina njia moja tu, na namna ya uaminifu ya kuionyesha ni kuorodhesha marundo yote yanayowezekana baada ya kila herufi. Kila rundo limeandikwa alama ya juu ikiwa kushoto, na kistari ni rundo tupu.

```
mwanzo     E
a          -, R
+          T, TR
(          EK, EKR
a          K, RK, KR, RKR
+          TK, TRK, TKR, TRKR
a          K, RK, KR, RKR
)          -, R
```

Baada ya herufi ya kwanza kuna njia mbili: moja imebashiri kwamba hesabu imekwisha, na rundo lake ni tupu, nyingine imebashiri kwamba kuna mkia, na inasubiri R. Herufi inayofuata ni alama ya kujumlisha, na njia ya kwanza inakufa kwa kuwa haina tena alama ya kuiongoza. Hali ileile inajirudia ndani ya mabano: kati ya marundo manne yaliyopo baada ya a ya pili, yale mawili yenye K juu yanataka bano la kufunga, nayo yanakufa yanapokutana na alama ya kujumlisha. Mwishoni, baada ya bano la kufunga, rundo tupu limo katika orodha na neno limekwisha, kwa hiyo neno linakubaliwa. R iliyobaki kando yake ni ubashiri uliotarajia hesabu iendelee.

Hatua ni saba kwa herufi saba, na kwa neno lolote otomata hii itasimama baada ya hatua zisizozidi idadi ya herufi zake, liwe la lugha au lisiwe. Hapo ndipo tofauti na mashine ya mwanzo inapokuwa kubwa: jibu la hapana nalo linapatikana kwa wakati unaojulikana.

Lile jambo la pili tulilolitaja, kwamba kila kigeu ni deni la angalau herufi moja, linatupa nyongeza nzuri ambayo mimi binafsi naiona kuwa tunda tamu zaidi la umbo hili. Ikiwa rundo lina vigeu vitatu na neno limebakiza herufi mbili, hakuna namna yoyote ya rundo hilo kwisha pamoja na neno, na hivyo linaweza kutupwa bila kulijaribu. Turudi kwenye orodha yetu, baada ya alama ya pili ya kujumlisha. Herufi zilizobaki ni mbili, a na bano la kufunga. Marundo TRK, TKR na TRKR yana vigeu vitatu au vinne, kwa hiyo yote yanatupwa, na TK linabaki peke yake. Linasoma a na kutoa K, linasoma bano na kubaki tupu. Pia, kwa kuwa rundo lenye uhai haliwezi kuzidi idadi ya herufi zilizobaki, kumbukumbu inayohitajika na njia yoyote moja haizidi urefu wa neno. Kwa otomata yenye hatua za epsiloni hatungeweza kutoa ahadi hiyo kwa kuutazama ujenzi wake tu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba hatua za epsiloni zimeondoka bure. Ukilinganisha mashine hizi mbili utaona kwamba kazi iliyofanywa na epsiloni imehamia mahali pengine, nayo ni kwenye ubashiri wa mapema. Kama R angeruhusiwa kuzalisha neno tupu, otomata ingesubiri mpaka ifike mwisho wa hesabu, ione kwamba hakuna alama ya kujumlisha, ndipo imwondoe R bila kusoma kitu. Katika umbo la Greibach haiwezi kusubiri. Inapoisoma a inalazimika palepale kuamua ikiwa mkia utafuata au hautafuata, kabla ya kuiona herufi inayofuata. Ndiyo maana mistari mitatu ya jedwali ina machaguo mawili.

Kuna kitu kingine kinachobadilika, nacho humuumiza zaidi mtu anayetaka kuitumia sarufi kukokotoa thamani na si kukubali neno tu. Sarufi ya mwanzo iliijenga hesabu ndefu kwa kuegemea kushoto: katika a+a+a, jozi ya kwanza hujumlishwa kwanza, kisha matokeo yake hujumlishwa na ya tatu. Katika sarufi mpya, mkia wa R unaning'inia upande wa kulia, na mti wa uchanganuzi, yaani mchoro wa jinsi kanuni zilivyolizalisha neno, unaziunganisha mbili za mwisho kwanza. Kwa kujumlisha hakuna madhara. Lakini weka alama ya kutoa mahali pa alama ya kujumlisha, na 9 − 4 − 2, ambayo jibu lake ni 3, itakokotolewa kana kwamba ni 9 − (4 − 2), na jibu litakuwa 7. Uthibitisho wa Greibach unahifadhi lugha, yaani seti ya maneno, hauhifadhi miti. Mwenye kuhitaji miti ya awali lazima aijenge upya kutokana na kanuni zilizotumika, kwa kuweka kumbukumbu ya mahali mkia ulipotoka.

Upanuzi wa sarufi nao una mipaka yake ya kuangaliwa. Kila kuingiza kanuni kunanakili kanuni zote za kigeu kilichoingizwa, na minyororo inaweza kuzaa kwa kasi ya kutisha. Chukua vigeu kumi na kimoja, A1 hadi A11, ambapo kila kimoja kati ya kumi vya kwanza kina kanuni mbili, zote zikianza na kigeu kinachofuata, moja ikimalizia na B na nyingine na C, huku A11 akizalisha a tu. Ukirudi nyuma kutoka A11, A10 anakuwa na kanuni 2, A9 ana 4, A8 ana 8, na A1 anafikisha 1,024. Mwaka 1967 Daniel Rosenkrantz alionyesha njia nyingine, inayoiandika sarufi kama mfumo wa milinganyo ya matriki na kuongeza vigeu vipya badala ya kunakili kanuni tena na tena; kwa njia hiyo ukubwa wa sarufi mpya haulipuki namna hii.

Mpaka sasa tumeanzia kwenye sarufi. Lakini tokeo lenye uzito zaidi linahusu otomata zenyewe: kwa kila otomata yenye rundo, hata iwe na hali nyingi na hatua za epsiloni kiasi gani, ipo nyingine inayokubali lugha ileile bila hatua hizo, ikiwa tutaliweka kando neno tupu. Njia yake inapitia kwenye sarufi. Kwa kila jozi ya hali p na q na kila alama A ya rundo huundwa kigeu kinachowakilisha maneno yote yanayoweza kuitoa otomata kutoka hali p hadi hali q huku ikimwondoa A na yote yaliyowekwa mahali pake. Sarufi hiyo hugeuzwa iwe katika umbo la Greibach, na kutoka hapo hurudishwa kuwa otomata kama tulivyofanya. Inayotoka haina epsiloni, na ina hali moja tu, kwa kuwa habari zilizokuwa zimehifadhiwa katika hali zimeingizwa ndani ya majina ya alama za rundo.

Neno tupu linastahili sentensi zake mbili. Otomata isiyo na hatua za epsiloni, inayoanza na alama kwenye rundo na kukubali kwa rundo tupu, haiwezi kulikubali, kwa kuwa haiwezi kuliondoa rundo bila kusoma. Lugha ikiwa na neno hilo, huongezwa hatua moja ya epsiloni mwanzoni, kutoka kwenye alama ya kuanzia ambayo haitokei tena mahali pengine, au otomata hufanywa ikubali kwa hali ya kukubali badala ya rundo tupu.

Swali linalobaki ni kama tungeweza kuziondoa hatua za epsiloni bila kulipa kwa ubashiri, yaani kama kila otomata bainifu, ambayo kila wakati ina njia moja tu ya kufuata, ina mwenzake aliye bainifu pia na asiye na epsiloni. Jibu ni hapana, na mfano unaolionyesha ni lugha hii yenye matawi mawili, ambapo n na p ni namba nzima kuanzia 1, na a^n maana yake ni a iliyorudiwa mara n:

```
a^n b^p c a^n
a^n b^p d b^p
```

Otomata bainifu yenye epsiloni inaishughulikia bila shida. Inaweka A kwa kila a, kisha juu yake B kwa kila b. Ikikutana na d, inaondoa B moja kwa kila b inayosoma, na za kuondoa ziko juu tayari. Ikikutana na c, inapaswa kulinganisha a zinazokuja na zile A, lakini A zimefukiwa chini ya B zote p. Hapo inapiga hatua p za epsiloni, inazitupa B zote bila kusoma chochote, na inazifikia A. Ukizinyima hatua hizo, mashine bainifu inakwama: baada ya c zimebaki herufi n tu, ilhali p inaweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko n, na kabla ya kuiona c au d mashine haikuwa na ruhusa ya kusahau hesabu ya a wala hesabu ya b.

Sarufi ya Greibach ya lugha hiyohiyo, ambapo alama | inatenganisha kanuni mbalimbali za kigeu kimoja, inaonyesha jinsi ubashiri unavyoziba pengo hilo:

```
S → a X A | a Y A | a Z | a W
X → a X A | a Y A
Y → b Y | b C
Z → a Z | a W
W → b W B | b D B
A → a
B → b
C → c
D → d
```

Herufi ya kwanza kabisa inaposomwa, otomata inabashiri kama neno litakuwa na c au d. Ikifuata X au Y, inaweka A kwa kila a, na b zote zinasomwa bila kuwekwa kwenye rundo, kwa hiyo c inapofika, A ziko chini yake moja kwa moja. Ikifuata Z au W, a zote zinasomwa bila kuhesabiwa, na rundo linabeba B tu. Hakuna njia inayoweka alama isiyoihitaji, na kwa hiyo hakuna inayolazimika kutupa chochote baadaye. Njia iliyobashiri vibaya inakufa inapokutana na herufi isiyo yake, c au d, na iliyobashiri sawa inamaliza rundo lake pamoja na herufi ya mwisho ya neno.